Uzi: Nina kurasa 214 za fedha za zahanati na rasimu ya maneno 9,000. Mhariri kairudisha, kasema "hii ni leja, siyo habari"

Kalamu ya Area D

Wakuu habari za jioni. Niko Dodoma mjini, naandikia gazeti moja dogo. Tangu mwaka jana nafuatilia zahanati ya kijiji kimoja hapa kanda ya kati. Halmashauri siitaji. Wanakijiji walijenga boma kwa nguvu zao hadi kwenye linta, serikali ikaleta Sh 50,000,000 za kumalizia kwa utaratibu wa fosi akaunti, yaani kijiji chenyewe kinanunua vifaa na kuweka mafundi bila mkandarasi. Jengo lina sakafu na plasta, juu lina bati nusu.

Nilichonacho ni picha za kurasa 214. Kuna hati za malipo 11, taarifa ya benki, mihtasari mitatu ya kamati, hati za mapokezi, kurasa za leja ya stoo, pamoja na barua ya ukaguzi yenye hoja tatu. Hoja ya kwanza ni malipo ya Sh 12,400,000 yasiyo na viambatisho. Ya pili ni saruji ya Sh 7,400,000 yenye utata wa mapokezi. Ya tatu ni Sh 11,200,000 zilizotumika nje ya makadirio. Nikijumlisha napata milioni 31, na kichwa changu cha habari ni "Milioni 31 za zahanati zayeyuka".

Nimeandika kila kitu, hati baada ya hati, nikatoa maneno 9,000. Mhariri kasoma kurasa mbili akairudisha. Mwenye uzoefu anisaidie: natokaje kwenye rundo hili nipate simulizi ambayo mama muuza mlenda pale Majengo ataisoma mpaka mwisho?

Radi ya Kibaigwa

Mkuu, hapo hakuna ugumu. Panga kwa tarehe, mwanzo hadi mwisho, halafu jumla itangulie juu kabisa. Watu wanataka kiasi. Kashfa ya EPA pale Benki Kuu mpaka leo watu wanaitaja kwa bilioni 133, hakuna anayekumbuka karatasi. Piga milioni 31 kwenye mstari wa kwanza, mengine yafuate.

Mlenda Mkavu

Natia nanga hapa nikisubiri wajuvi.

Mwanachuo Chimwaga

Mimi pia nina shida hiyohiyo, naandika tasnifu ya matumizi ya fedha za umma. Msimamizi kasema sura ya pili haina mtiririko. Nadharia nizitangulize kabla ya tafiti zilizopita au baada?

Shangazi wa Makole

Mwanachuo, huyu anaandika habari, hana sura ya pili. Fungua uzi wako nitakuja.

Kalamu, nimekuwa mkaguzi wa ndani miaka mingi kabla sijahamia kusahihisha rasimu za waandishi. Kabla hatujagusa mpangilio, tuiangalie hiyo milioni 31, maana nahisi imekosewa. Rudi kwenye hoja ya kwanza usome orodha ya hati za malipo zisizo na viambatisho. Je, hati ya malipo ya saruji imo humo?

Kalamu ya Area D

Shangazi, nimeangalia sasa hivi. Imo. Sh 7,400,000 ni sehemu ya zile 12,400,000. Nimeihesabu mara mbili. Mungu wangu.

Shangazi wa Makole

Pole, si wewe wa kwanza. Mkaguzi hupanga hoja kwa aina ya kasoro, kwa hiyo fedha ileile inaweza kutokea kwenye hoja mbili: hati haina risiti, na mzigo wake una mashaka. Yeye hajakosea, ila hakuandika ili ujumlishe. Ukitoa marudio unabaki na 23,600,000.

Sasa zigawanye hizo kwa swali la "nini hasa kimetokea". Zile 11,200,000 za nje ya makadirio zilikwenda wapi?

Kalamu ya Area D

Zilijenga nyumba ya mganga hapohapo kijijini. Ipo, nimeiona, mganga anaishi humo. Ndiyo sababu bati za zahanati hazikutosha.

Shangazi wa Makole

Basi hazikuyeyuka. Zimehamishwa bila idhini, ni kosa, na mgonjwa ananyeshewa kwa sababu hiyo. Lakini ukiandika "zimeyeyuka" mkurugenzi atakupeleka mpaka mlangoni pa ile nyumba, na kuanzia hapo hakuna atakayekuamini hata kwa saruji.

Zinabaki 5,000,000 za hoja ya kwanza ukiondoa saruji. Barua yako ya ukaguzi ni ya tarehe ngapi? Umeona majibu ya halmashauri? Mkaguzi akishatoa hoja, menejimenti hujibu, viambatisho vikipatikana vinahakikiwa na hoja inafungwa yote au sehemu. Mwandishi anayeshika barua ya kwanza peke yake ameshika swali akidhani ni jibu.

Kalamu ya Area D

Kwenye kurasa zangu kuna jedwali la utekelezaji wa hoja, nililiruka maana lilikuwa na maneno madogo. Linasema risiti za Sh 3,200,000 ziliwasilishwa zikahakikiwa. Kwa hiyo zisizo na viambatisho mpaka mwisho ni 1,800,000.

Nimevunjika moyo kwa kweli. Nimetoka milioni 31 nimefika kwenye saruji na milioni moja na laki nane?

Radi ya Kibaigwa

Ndiyo maana nasema msimsikilize sana huyu shangazi, ni mtu wa serikali. Ripoti ya CAG ikishasomwa Bungeni ni mali ya umma. Nukuu jumla, weka alama za kunukuu, umemaliza. Nani atakushitaki kwa kunukuu?

Shangazi wa Makole

Radi, nusu ya unayosema ni kweli. Ripoti Kuu ya CAG humfikia Rais kufikia mwisho wa Machi, ikiwekwa mezani Bungeni Aprili inakuwa ya umma, unaweza kuinukuu. Ila hicho siyo alichonacho Kalamu. Ripoti ile inabeba halmashauri zote nchini, na zahanati ya kijiji kimoja mara nyingi humezwa ndani ya jumla. Alichonacho yeye ni barua ya ukaguzi, mazungumzo kati ya mkaguzi na mkaguliwa, haijasomwa popote. Humo ndani mkaguzi bado anauliza.

Na EPA uliyoitaja, bilioni 133 ilisimama kwa sababu wakaguzi maalumu walipitia malipo ya kampuni 22, moja baada ya nyingine, ndipo wakajumlisha. Milioni 31 ya Kalamu imevunjika kwa swali moja la jioni hapa jukwaani.

Kalamu, usivunjike moyo. Kilichokuwa kinakuzuia kuandika ni hiyo jumla. Ilikulazimisha uieleze kila hati ili uitetee, ndiyo maana umefika maneno 9,000. Sasa una malipo mamoja tu yanayoweza kubeba habari yote. Nieleze saruji ilivyokwenda, kwa tarehe, bila kunipa maoni yako.

Kalamu ya Area D

Fedha ziliingia akaunti tarehe 14 Februari. Tarehe 1 Machi hati ya malipo, saruji mifuko 400 kwa Sh 18,500, jumla 7,400,000. Benki inaonyesha zimetoka siku hiyohiyo. Tarehe 4 Machi hati ya mapokezi, mifuko 400, wamesaini wajumbe watatu. Tarehe 6 Machi leja ya stoo, imeingia mifuko 250. Tarehe 9 Machi muhtasari wa kamati ya manunuzi, ajenda ni kujadili bei ya saruji na kuchagua muuzaji.

Na kuna jambo nimelificha kwa ajili ya mwisho wa habari: mmoja wa wale watatu waliosaini mapokezi ni mwalimu aliyehamishwa wilaya nyingine tangu Januari. Barua ya uhamisho ninayo.

Mlenda Mkavu

Subiri. Kamati ilikaa tarehe 9 kuchagua muuzaji wa saruji iliyolipiwa tarehe 1?

Shangazi wa Makole

Mlenda Mkavu kamaliza kazi ya mhariri. Kalamu, hiyo sentensi yake ndiyo mlango wa habari yako. Angalia ilivyokaa: haina neno la kihasibu, haimtuhumu mtu, na msomaji anabaki na swali moja tu kichwani, kwamba walikaa kujadili nini.

Sasa nikwambie ninavyofanya na rundo. Kwanza kabisa siandiki. Nafungua jedwali kwenye kompyuta, mstari mmoja kwa tukio moja, na nguzo sita: tarehe, kilichotokea, aliyefanya, kiasi, waraka na ukurasa wake, na nimejuaje. Hiyo ya mwisho ndiyo wengi huiacha. Naandika "nimeona waraka", "nimeambiwa na fulani", au "nimekisia". Mistari yako itakaa hivi:

1 Machi / saruji 400 yalipiwa / mtendaji na mwenyekiti wamesaini / 7,400,000 / hati ya malipo, uk. 37 / nimeona
4 Machi / mapokezi 400 / wajumbe watatu / – / hati ya mapokezi, uk. 41 / nimeona
6 Machi / leja inaandika 250 / mtunza stoo / – / leja, uk. 88 / nimeona

Kurasa nimetunga, wewe weka zako. Radi alisema panga kwa tarehe, na hapa yuko sahihi kabisa: jedwali lazima lifuate tarehe, maana kasoro kama ya tarehe 1 na tarehe 9 huwezi kuiona ukisoma mafaili yalivyofungwa. Mihtasari inakaa faili moja, malipo faili jingine, leja iko stoo. Zinakutana kwenye jedwali tu. Lakini jedwali linabaki kwako. Habari haianzii tarehe 14 Februari fedha zilipoingia, maana siku hiyo hakuna kilichoharibika.

Jambo la pili, na hili ndilo linalochosha wasomaji bila wao kujua: una nyakati tatu zilizochanganyika. Kuna wakati mambo yalipotokea, wakati mkaguzi alipoyakuta, na wakati wewe ulipofika kijijini. Mwaka wa fedha huishia 30 Juni, mkaguzi anakuja baadaye, ripoti inasomwa Aprili inayofuata. Rasimu nyingi zinasema "zahanati haina bati" katika aya moja na "ilikutwa haina bati" katika aya nyingine, msomaji hajui ni leo au mwaka juzi. Amua: sehemu ya kwanza ni Machi ile, sehemu inayofuata ni mkaguzi, sehemu ya mwisho ni leo. Ukitaka kuruka, mwambie msomaji kwa tarehe.

Leja Namba Tatu

Naomba nichangie kwa uchungu kidogo. Mimi nilikuwa mtunza stoo wa mradi wa madarasa, sehemu siitaji. Gazeti liliandika "mifuko 90 haijulikani ilipo" na cheo changu kikatajwa. Ukweli ni kwamba lori lilifika jioni, mafundi walikuwa wanamwaga zege usiku kuwahi mvua, mifuko ikashushwa moja kwa moja saiti. Haikupita stoo, kwa hiyo haikuingia leja. Nilikosea, ilibidi niandike imeingia na imetoka siku ileile. Lakini sikuiba hata kiroba. Mke wangu alisomewa lile gazeti kisimani.

Sasa huyu Kalamu, amejuaje mifuko 150 haikwenda moja kwa moja kwenye sakafu?

Kalamu ya Area D

Pole sana kaka. Sijui. Nilidhani leja ikisema 250 basi ni 250.

Fundi wa Nkuhungu

Hilo linapimika kwa kiasi fulani. Jengo lina ukubwa gani? Na tarehe ile lilikuwa limefikia wapi?

Kalamu ya Area D

Nilipima kwa futikamba, mita 18 kwa 11. Linta ilishakwisha kabla ya fedha, muhtasari wa kwanza unasema hivyo. Saruji ni hiyo peke yake, hakuna malipo mengine ya saruji. Imefanya sakafu, plasta ndani na nje, na gebo za tofali za kuchoma.

Fundi wa Nkuhungu

Sakafu ya mita za mraba 198, zege la unene wa sentimita 10 ni kama mita za ujazo 20. Kwa mchanganyiko wa moja, mbili, nne unakula mifuko kama sita na nusu kwa mita moja ya ujazo, weka 130. Tabaka la niru la sentimita 3 juu yake, mifuko kama 45. Plasta sijui vyumba vingapi, chukua mita 600 za mraba, mifuko 66 hivi. Gebo mpe 15. Jumla 256. Ongeza asilimia 10 ya kumwagika na mvua, unafika kama 280.

Kwa hiyo 400 hazifiki, labda sakafu iwe nene mara mbili. Lakini na wewe angalia, 250 nazo zinaonekana pungufu kidogo.

Shangazi wa Makole

Fundi, ubarikiwe. Kalamu, umeona hesabu hii inavyofanya? Inamjibu Leja Namba Tatu kwa nusu. Inawezekana kabisa mifuko 30 ilikwenda saiti bila kupita leja. Kwenda zote 150 ndiko hesabu inakokataa.

Kwa hiyo kwenye habari usiandike "mifuko 150 iliibwa", wala "mifuko 150 haijulikani ilipo". Andika ulichokiona: hati ya mapokezi inasema 400, leja inasema 250. Aya inayofuata mlete fundi, mtu mwenye jina aliyekubali kunukuliwa na aliyefika kwenye jengo akapima mwenyewe, aseme jengo kama lile linahitaji mifuko mingapi, naye aseme kati ya ngapi na ngapi. Msomaji atatoa hesabu mwenyewe. Fundi wetu wa hapa jukwaani hatoshi, hajaliona jengo, na plasta ameikisia.

Na unene wa sakafu uupime. Mlangoni au kwenye shimo la bomba utaona ukingo wake. Ikiwa ni sentimita 20, habari yako imekufa, afadhali ife kabla ya kuchapwa.

Radi ya Kibaigwa

Sawa, kwa hapo nakubali. Ila yule mwalimu aliyehamishwa ndiye bomu. Sahihi ya kughushi! Hiyo ndiyo ikae mstari wa kwanza, siyo mambo ya tarehe 9.

Shangazi wa Makole

Nani kasema imeghushiwa? Kalamu, umempigia mwalimu?

Kalamu ya Area D

Bado. Niliogopa atawaambia wenzake nikakosa nyaraka zilizobaki.

Shangazi wa Makole

Nyaraka zipi tena, mwanangu, una kurasa 214. Mpigie kesho. Bila kauli yake hujui hata hiyo aya ikae wapi.

Kalamu ya Area D (siku ya pili, usiku)

Wakuu, nimempigia. Nimekaa chini kabisa.

Mwalimu anasema sahihi ni yake. Mwishoni mwa Februari alirudi kijijini kuchukua vitu vyake, akaombwa asaini "fomu za kamati" kwa kuwa jina lake bado lilikuwa kwenye orodha. Anasema fomu zilikuwa hazijajazwa. Hakuona saruji wala lori. Amekubali nimnukuu ila bila jina. Wajumbe wengine wawili: mmoja kakata simu, mwingine anasema mifuko ilifika yote 400 na aliihesabu.

Mlenda Mkavu

Radi, ungeandika "sahihi ya kughushi" mwalimu mwenyewe angekuja gazetini kukukana.

Radi ya Kibaigwa

Nimeona. Lakini kusaini fomu tupu ni bomu kubwa zaidi, au nakosea?

Shangazi wa Makole

Hukosei, ila ni neno la mtu mmoja, mwenye sababu ya kujisafisha, na mwenzake anasema alihesabu 400. Ndiyo maana haliwezi kukaa mlangoni. Mlangoni weka kitu ambacho hakuna mtu anayeweza kukikana, yaani karatasi mbili zenye tarehe. Mwalimu anaingia katikati, baada ya msomaji kuona 400 na 250, wakati anajiuliza nani alihesabu. Hapohapo, katika aya inayofuata, yule mjumbe anayesema alihesabu naye aongee. Usimsogeze mwisho.

Hili la majibu nalisisitiza kwa sababu rasimu nyingi zina tabia moja: tuhuma kurasa kumi, halafu aya ya mwisho "alipotafutwa, mkurugenzi alikanusha". Kila jibu likae karibu na jambo linalolijibu. Kwa hiyo maswali nayo yatume hivyohivyo. Mkurugenzi aulizwe kuhusu kuhamisha 11,200,000, hilo ni la ngazi yake. Mtendaji aulizwe kwa nini malipo yametangulia kikao. Mtunza stoo aulizwe kuhusu leja. Kila mmoja kwa barua yake, tarehe na kiasi vikitajwa, na siku za kutosha kujibu. Rasimu usimpe mtu.

Ukiwa bado unataka waraka ambao huna, kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Unaandika barua kwa taasisi, wana siku 30 za kukujibu. Wasipojibu, nakala ya barua yako yenye mhuri wa masijala ni aya nzuri kwenye habari.

Kalamu ya Area D

Na ile nyumba ya mganga niitupe? Inavuruga mtiririko wa saruji.

Shangazi wa Makole

Usiitupe, ndiyo inayoeleza mvua. Saruji inaeleza fedha, bati inaeleza mgonjwa. Ila ipe sehemu fupi, baada ya saruji, na uianze kwa uungwana: nyumba ipo, mganga anaishi humo, kijiji kilikuwa kinamhitaji. Halafu useme nani aliamua na muhtasari upi unaonyesha uamuzi huo. Kama hakuna muhtasari, hilo ndilo jambo lenyewe.

Zile 1,800,000 ni sentensi moja kwenye sehemu ya mkaguzi. Zisikupe shida.

Leja Namba Tatu

Nina swali la pili, na hili ni la kazi yangu ya zamani. Umehakikisha leja ni moja? Miradi mingi ya fosi akaunti ina leja ya stoo ya kijiji na daftari la saiti analokaa nalo fundi mkuu au mjumbe wa kamati ya ujenzi. Mkaguzi huangalia ile rasmi. Daftari la saiti lina matumizi ya kila siku, mifuko mitano leo, kumi kesho.

Kalamu ya Area D

Sijawahi kuuliza. Kuna fundi mkuu, yuko palepale kijijini.

Fundi wa Nkuhungu

Anaweza kuwa nalo. Sisi huwa tunaandika ili tusidaiwe.

Dada wa Nzuguni

Nimesoma uzi wote kimya, niseme moja. Kalamu, usichapishe picha za hizo karatasi zilivyo. Kila barua kwenye faili ina namba ya folio kwa kalamu nyekundu pembeni, na mara nyingine kuna dokezo la bosi kwa mkono. Mtu wa masijala akiona folio anajua faili lipi, na daftari la kuazima mafaili litamwambia nani alilichukua wiki ile. Mwandishi mmoja ninayemfahamu alifuta majina yote akaacha folio. Aliyempa karatasi alihamishwa ndani ya mwezi. Ukihitaji kuonyesha, chapa upya mistari unayoitaka. Na picha za simu zina saa na mahali ndani yake, hata kama huzioni.

Shangazi wa Makole

Asante dada, hilo nilikuwa nimelisahau kabisa, na nimekaa masijala miaka.

Kalamu ya Area D

Nimeandika upya mwanzo. Naomba mnichape:

"Tarehe 9 Machi, wajumbe wa kamati ya manunuzi ya kijiji walikaa kuchagua nani awauzie saruji ya zahanati. Muhtasari unaonyesha walijadili bei. Unachokosa kuonyesha ni kwamba saruji hiyo ilikuwa imelipiwa siku nane kabla, mifuko 400, Sh 7,400,000. Na siku tatu kabla ya kikao, mtunza stoo alikuwa ameandika kwenye leja kwamba amepokea mifuko 250."

Baada ya hapo naeleza kwa ufupi 50,000,000 zilivyofika na nani alisaini akaunti, kisha saruji kwa urefu na mwalimu ndani yake, kisha nyumba ya mganga, kisha mkaguzi, kisha leo, mgonjwa na bati. Nimefika maneno 3,100.

Mlenda Mkavu

Hiyo nimeisoma mara moja nikaelewa. "Unachokosa kuonyesha" inagugumia kidogo. Sema "haukuandika popote kwamba".

Shangazi wa Makole

Nzuri. Ila "alikuwa amepokea" na "alikuwa ameandika kwamba amepokea" ni vitu viwili, umechagua kilicho sahihi, usikubali mhariri akifupishe. Kichwa cha habari je?

Kalamu ya Area D

"Saruji iliyolipiwa kabla ya kikao". Mhariri anataka kiasi kwenye kichwa. Anasema tuandike milioni 23.

Radi ya Kibaigwa

Mhariri wako na mimi tungeelewana. Hiyo 23,600,000 si ni hoja halali za mkaguzi? Andika "zenye hoja".

Shangazi wa Makole

Ni hoja halali siku zilipoandikwa. Tangu hapo 3,200,000 zimefungwa. Ukitaka kiasi, 20,400,000 ndicho kinachosimama leo, na ndani yake 11,200,000 ni nyumba inayoonekana kwa macho. Mimi nisingeiweka kwenye kichwa. Lakini gazeti si langu.

Dada wa Nzuguni

Na mtendaji, unamtaja kwa jina?

Kalamu ya Area D

Hapo bado nabishana na nafsi yangu. Sahihi yake ipo kwenye hati ya malipo, ni mtumishi wa umma, alikuwa kazini. Lakini anasema alipigiwa simu kutoka juu alipe haraka kabla fedha hazijarudishwa mwisho wa mwaka wa fedha.

Shangazi wa Makole

Machi? Mwisho wa mwaka ni Juni. Muulize simu hiyo ilitoka kwa nani, na akujibu kwa maandishi.

Leja Namba Tatu

Mimi naomba mtaje cheo tu mpaka daftari la saiti lionekane. Nasema kwa yaliyonikuta.

Radi ya Kibaigwa

Nami nasema ataje. Fedha ni zetu, sahihi ni yake.

Kalamu ya Area D

Barua tatu za maswali nimezipeleka leo, mbili zimegongwa mhuri, ya mtendaji nimeituma kwa simu. Jumatatu napanda basi la alfajiri kwenda kijijini kupima unene wa sakafu pale kwenye shimo la bomba na kumwona fundi mkuu. Nimempigia, anasema daftari lipo, ila liko kwa shemeji yake Chamwino.